Vidonge, matone au chujio: uchague kipi maji ya kunywa yakitiliwa shaka?

Bomba likianza kutoa maji yenye rangi, au kisima kikiingiliwa na maji ya mvua, watu wengi huuliza ni dawa gani iliyo bora. Swali hilo halina jibu mpaka uyatazame maji yenyewe. Kidonge kinachotosha kabisa kwa maji maangavu kinaweza kushindwa kwenye ndoo ya maji ya tope, na chujio linalotoa maji meupe kama kioo linaweza kupitisha virusi bila wewe kuona dalili yoyote. Kwa hiyo nitalinganisha njia hizi tatu kwa mambo mawili: tope lililomo ndani ya maji, na aina ya vijidudu vinavyohofiwa. Bei, ladha na urahisi wa kubeba vina maana pale tu ambapo mambo hayo mawili yameshajibiwa.

Tuanze na tope, kwa sababu linapimika nyumbani bila kifaa. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, ijaze maji, isimamishe juu ya karatasi yenye maandishi, kisha uchungulie kutoka mdomoni hadi chini. Herufi zikisomeka vizuri na maji hayana rangi, dawa itafanya kazi kwa kipimo cha kawaida. Zikisomeka lakini maji yana ukungu au rangi ya chai hafifu, kipimo kinaongezwa mara mbili. Usipoziona herufi kabisa, usitie dawa kwanza. Yaache maji yatulie, yamimine polepole kwenye chombo kingine ukiacha mashapo chini, kisha yapitishe kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Kitambaa hakiui wala hakizuii bakteria. Kazi yake ni kupunguza uchafu ambao ungeila dawa kabla haijawafikia.

Vijidudu navyo tuviweke katika makundi matatu, kwa sababu kila njia ina kundi linaloishinda. Kuna bakteria, kama wa kipindupindu na homa ya matumbo. Kuna virusi, kama vya homa ya ini aina ya A na E na virusi vya rota vinavyoharisha watoto. Halafu kuna vimelea wenye ganda, hasa giadia na kriptosporidiamu. Virusi ni vidogo sana, bakteria ni wakubwa kuliko virusi, na vimelea ni wakubwa kuliko wote. Kwa chujio ukubwa ndio kila kitu. Kwa dawa, kinachoamua ni ugumu wa ganda.

Vidonge

Vidonge vingi vya nyumbani vina klorini iliyofungwa ndani ya chumvi inayoandikwa NaDCC kwenye pakiti. Kile cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuijua: kidonge hicho hutoa takriban miligramu 40 za klorini, na ukizigawa kwa lita 20 unapata miligramu 2 kwa kila lita. Hicho ndicho kipimo cha kawaida kwa maji yasiyo na tope. Maji yenye ukungu hupewa vidonge viwili, yaani miligramu 4 kwa lita.

Ubora mkubwa wa kidonge ni kwamba kipimo kimeshafanywa kiwandani. Mtu aliyechoka, mwenye wasiwasi, au anayetibu maji gizani hana haja ya kuhesabu matone. Pia kidonge kikiwa ndani ya foili isiyopasuka hukaa miaka kadhaa bila kupoteza nguvu. Ndiyo maana kwa akiba ya dharura, ile inayowekwa kabatini ikisubiri siku mbaya, mimi huchagua vidonge bila kusita.

Lakini kosa lake kubwa nalo linatokana na kipimo hichohicho. Vidonge hutengenezwa kwa ukubwa tofauti, vingine kwa lita moja tu, vingine kwa lita 20, na kwa macho vinafanana. Kidonge cha lita 20 kikitiwa kwenye chombo cha lita 5, maji yanapata miligramu 8 kwa lita, yanakuwa makali, na nyumba nzima inayakataa. Cha lita moja kikitiwa kwenye ndoo ya lita 20, maji yananukia kidogo sana na hayana kinga yoyote, ila kila mtu anaamini yameshatibiwa. Hili la pili ndilo la hatari. Soma lita zilizoandikwa kwenye foili kila unapofungua pakiti mpya, hata kama jina ni lilelile ulilolizoea.

Usikate kidonge ukahifadhi nusu. Unyevu wa hewa huanza kukila mara foili inapofunguka. Kidonge kizima cha aina inayochemka kikitiwa majini hutoa mapovu. Kisipochemka, au kikiwa kimelainika na kubadilika rangi, kitupe.

Matone

Dawa ya maji ya kimiminika kwa kawaida ni hipokloriti ya sodiamu iliyopunguzwa nguvu, mara nyingi asilimia 1.25, na hupimwa kwa kifuniko cha chupa yake. Kwa nguvu hiyo, mililita 3 hivi zinatosha lita 20 za maji maangavu, ambazo ukipiga hesabu utaona zinakaribia zile miligramu 40 za kidonge. Kwa hiyo maji yaliyotibiwa kwa njia hizi mbili hayana tofauti tumboni. Tofauti iko kwenye chupa.

Hipokloriti ikiwa kimiminika hufa taratibu. Joto na mwanga huiharakisha, na chupa iliyofunguliwa hudhoofika upesi zaidi kuliko iliyozibwa. Chupa iliyoachwa dirishani miezi kadhaa inaweza kuonekana vilevile na kunukia vilevile ilhali nguvu yake imepungua sana. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo kwa kalamu, iweke mahali penye giza na ubaridi, na usivuke tarehe ya mwisho iliyochapishwa. Nyumba inayotibu maji kila siku haina shida hii, maana chupa inaisha kabla haijachakaa. Ndiyo sababu naona matone yanafaa kwa matumizi ya kila siku kuliko kwa akiba. Isitoshe, kwa matone unaweza kutibu kiasi chochote: jagi, ndoo au pipa.

Wapo wanaotumia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na inawezekana, kwa masharti. Iwe hipokloriti tupu, bila manukato, bila rangi, bila sabuni wala kitu cha kuifanya nzito. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 5 hadi 6, kipimo cha dharura ni matone 2 kwa lita ya maji maangavu na matone 4 kwa maji yenye ukungu. Kwa ndoo ya lita 20 hayo matone 2 yanakuwa 40, yaani kama mililita 2, ambazo hazifiki nusu ya kijiko cha chai. Maji yatanukia zaidi kuliko ya kidonge, kwa sababu yanapata takriban miligramu 5 kwa lita ikiwa dawa ni mpya. Hicho ndicho kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, kwa hiyo usiongeze kwenye maji maangavu "ili kuwa na uhakika". Kama lebo haionyeshi asilimia, usiitumie kwa maji ya kunywa.

Iwe kidonge au tone, kinachofuata ni kilekile. Koroga, funika, subiri dakika 30, na muda uanze kidonge kikishayeyuka chote. Maji yakiwa baridi sana, ongeza muda, kwa kuwa klorini hufanya kazi polepole kwenye ubaridi. Baada ya hapo fungua kifuniko unuse. Harufu hafifu ya klorini ni dalili njema: ina maana dawa imeua ilichokutana nacho na bado imebaki kidogo ya kulinda. Pasiponukia kabisa, uchafu umeila yote. Rudia kipimo kilekile mara moja na usubiri dakika 15 nyingine. Bado pakiwa kimya, maji hayo yana uchafu mwingi mno kwa dawa peke yake. Mwenye vipimo vya rangi vinavyotumiwa kwenye mabwawa ya kuogelea anaweza kuwa na uhakika zaidi kuliko pua: baada ya nusu saa klorini iliyobaki isizidi miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 isishuke chini ya 0.2.

Sasa udhaifu wa klorini, ambao vidonge na matone wanashiriki. Kriptosporidiamu ana ganda gumu ambalo klorini ya kipimo cha kunywa haivunji. Mwaka 1993, katika mji wa Milwaukee nchini Marekani, kimelea huyu alipita kwenye mitambo ya mji, maji yakiwa yametiwa klorini kama kawaida, na watu wapatao 400,000 waliugua. Giadia hufa kwa klorini, ila kwa kuchelewa. Kwa hiyo pale maji yanapotoka mtoni, bwawani au kwenye kisima kilicho wazi karibu na mifugo, klorini pekee inaacha pengo.

Yapo matone na vidonge vya dioksidi ya klorini, ambavyo ni dawa tofauti licha ya jina kufanana. Hivyo humuua kriptosporidiamu, lakini kwa kusubiri saa 4. Ukiona lebo inasema dakika 30 mahali pengine na saa 4 mahali pengine, huo ndio ufafanuzi wake: nusu saa ni ya bakteria na virusi. Dawa za aina ya iodini siziweki kwenye shindano hili kwa nyumba. Hazimuui kriptosporidiamu, hazifai wajawazito wala wenye matatizo ya tezi ya shingo, na si za kunywewa kwa muda mrefu.

Chujio la nyumbani

Chujio linafanya kinyume cha dawa: halijali ganda, linajali ukubwa. Chujio zuri la kauri, lile lenye vyombo viwili vilivyobebana na kipande cheupe chenye umbo la mshumaa katikati, lina vitundu vidogo vinavyozuia vimelea wote na sehemu kubwa sana ya bakteria. Chujio la mirija myembamba, lenye nyuzi nyingi zenye uwazi ndani, mara nyingi huandikwa ukubwa wa vitundu vyake, mikroni 0.1, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita, nalo huzuia makundi hayo mawili vizuri. Virusi hupenya yote mawili, maana kwa kawaida ni vidogo kuliko tundu hilo. Yapo ya mirija yenye vitundu vidogo zaidi, karibu mikroni 0.02, na hayo huzuia virusi pia. Namba hii ndiyo ya kutafuta kwenye boksi kabla ya maneno mengine yoyote. Kama boksi linasema tu kwamba linaboresha ladha na kuondoa harufu, hilo ni chujio la mkaa. Majagi mengi ya mezani ni ya namna hiyo, nayo hayakutengenezwa kwa maji yenye vijidudu.

Mwendo wa kauri ni wa taratibu, kama lita 1 hadi 3 kwa saa, na hupungua kadiri tope linavyoziba. Likipunguza mwendo, toa mshumaa, usugue kwa brashi laini chini ya maji safi, bila sabuni. Kila unaposugua unaondoa tabaka jembamba, kwa hiyo mshumaa hukonda na mwishowe lazima ubadilishwe.

Dalili ya kuogopa ni ile inayofurahisha: chujio lililokuwa likidondosha polepole linaanza ghafla kumwaga upesi. Maana yake ni kwamba maji yamepata njia ya mkato. Mara nyingi ni ufa mwembamba kama unywele kwenye mshumaa, au ni ile ringi ya mpira chini yake, pale unapokazwa kwa nati, imepinda au imekaza vibaya. Kuupata ufa, jaza maji ya tope kwenye chombo cha juu na utazame tone linavyotoka chini ya mshumaa. Likiwa na rangi, maji yanapita pembeni. Kaza upya, jaribu tena, na rangi ikiendelea badilisha mshumaa. Gundi haitengenezi ufa wa kauri.

Mirija myembamba inasafishwa kwa kusukuma maji safi kinyume. Adui yake ni baridi ya kugandisha: maji yakiganda ndani, nyuzi hupasuka na kwa nje huoni chochote. Chujio lililoganda halirudishwi kazini.

Kisha kuna udhaifu ambao watu hawautaji: maji yaliyochujwa hayana kinga. Klorini inabaki ndani ya maji ikiendelea kulinda. Chujio likishamaliza kazi limemaliza. Chombo cha chini kisiposafishwa, au mtu akichota kwa kikombe na vidole vikagusa maji, uchafu umerudi, na hakuna kitu ndani cha kuuzuia.

Kwa ufupi wa kutazama kwa jicho moja:

| | Kidonge au tone la klorini | Kauri au mirija ya mikroni 0.1 |
|---|---|---|
| Bakteria | Huua | Huzuia |
| Virusi | Huua | Hupita |
| Kriptosporidiamu | Huponyoka | Huzuiwa |
| Maji ya tope | Dawa hudhoofika | Hupita, lakini chujio huziba upesi |
| Kinga baada ya kutibu | Ipo kwa muda | Haipo |

Ukitazama jedwali hilo utaona kwamba pengo la upande mmoja linazibwa na upande wa pili. Ndiyo maana kwa chanzo kibaya sichagui kimoja. Nachukua vyote viwili, na utaratibu wake una mpangilio: chuja kwanza, tia klorini baadaye. Ukianza na klorini, tope litaila, na ikiwa mshumaa wako una mkaa ndani, kama wengi walivyo nao, mkaa utaiondoa klorini yote iliyobaki na maji yatatoka yakiwa hayana kinga.

Ndoo moja, tangu mwanzo hadi mwisho

Chukua nyumba ya watu watano yenye kisima kilicho wazi. Mvua kubwa imenyesha usiku, maji yamekuwa ya kahawia. Wanahitaji lita 12 hadi 15 za kunywa kwa siku, na kabatini wana chujio la kauri, pakiti ya vidonge vya miligramu 67 na chupa ya matone iliyofunguliwa zamani.

Jaribio la chupa: herufi hazionekani. Basi ndoo kubwa, inayozidi lita 20, inaachwa itulie, tuseme kuanzia jioni mpaka asubuhi. Asubuhi maji ya juu yanamiminwa polepole kupitia kitambaa, na yale ya chini yenye mashapo yanabaki kwa kufulia. Chupa ikijazwa tena, herufi zinasomeka ingawa kuna ukungu. Sasa yanaingia kwenye chujio. Kwa mwendo wa lita 2 kwa saa, yatachukua siku karibu nzima, kwa hiyo wanajaza chombo cha juu kila kinapopungua na wanakusanya yaliyochujwa kwenye dumu safi lenye mdomo mwembamba. Dumu lenye mdomo mwembamba au bomba dogo lina faida moja kubwa: mkono hauingii.

Dumu likifika lita 20, wanatia kidonge kimoja, si viwili, kwa sababu maji sasa ni maangavu. Wanatikisa, wanafunga, wanasubiri dakika 30, wananusa. Yananukia kidogo, yako tayari. Wanayanywa ndani ya saa 24 na kuanza dumu lingine. Chupa ile ya matone ya zamani hawaigusi kwa kunywa. Itatosha kuoshea vyombo vya chujio.

Je, nyumba hiyohiyo ingekuwa na kitu kimoja tu? Ikiwa na vidonge pekee, ingeyatuliza maji na kuyamimina vilevile, kisha vidonge viwili kwa kila lita 20, ikijua kwamba kriptosporidiamu bado anaweza kuwemo. Ikiwa na chujio pekee, ingechuja na kisha kuyachemsha maji yakatokota kwa nguvu dakika moja nzima, au dakika 3 mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000, ili kumaliza virusi. Kuchemsha huua makundi yote matatu, na kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka, kama anayetibiwa saratani, ningechemsha hata baada ya kidonge.

Kwa bomba la mjini lenye maji maangavu ambalo limekatika kisha likarudi, hali ni nyepesi zaidi. Hapo hofu kubwa ni maji machafu yaliyofyonzwa kupitia mipasuko ya bomba wakati hakuna msukumo. Acha yamwagike mpaka rangi iishe, kisha kidonge au matone kwa kipimo cha kawaida, ukitazama tangazo la mamlaka ya maji kama linataka kuchemsha. Chujio hapa si lazima.

Na kuna maji ambayo hakuna kati ya hivi vitatu kinachoyafaa. Yakinuka mafuta, yakitoka shambani baada ya kupulizwa dawa za wadudu, au yakijulikana kuwa na aseniki, floraidi au chumvi nyingi, kidonge hakiondoi chochote, tone haliondoi chochote, na kauri ya kawaida hupitisha vyote hivyo kwa kuwa vimeyeyuka ndani ya maji. Kuchemsha ndiyo kunazidisha, kwa sababu maji hupungua na sumu inabaki. Kwa maji ya namna hiyo tafuta chanzo kingine cha kunywa, na weka vidonge vyako kwa ajili ya hicho.